Taarifa ya wiki ya mradi: kuonyesha vihatarishi bila kupiga mbiu ya mgambo

Taarifa za wiki huharibika kwa namna mbili. Kuna ile inayosema "kazi inaendelea vizuri, changamoto chache zinafanyiwa kazi", wiki baada ya wiki, mpaka siku mkurugenzi anapoambiwa ghafla kwamba pampu haijafika na makabidhiano ni mwezi huu. Halafu kuna ile ya mtu aliyeshawahi kulaumiwa kwa kunyamaza: kila Ijumaa kuna "hatari kubwa ya mradi kukwama", na kufikia wiki ya sita hakuna anayefungua faili lake. Kasoro yao ni moja, na haiko kwenye ukali wa maneno. Zote mbili hazimwambii msomaji ni lini jambo litakuwa limechelewa mno kurekebishika.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa mradi anayemwandikia mkurugenzi na kamati yake. Tutatumia mradi mmoja wa mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho: mradi wa maji wa kata moja upande wa Tanga, wa wiki 26, ulioanza Desemba 1 na unaotakiwa kukabidhiwa Ijumaa, Mei 29. Kisima kimeshachimbwa. Kazi zilizobaki ni tenki la zege la lita 100,000, bomba kuu la plastiki la HDPE la mita 4,200, vilula vya kuchotea maji na pampu inayotoka nje ya nchi. Leo ni Ijumaa, Februari 13, wiki ya 11, na taarifa inatakiwa saa kumi jioni.

Hatua ya 1: Kusanya Alhamisi, na uulize kilichobaki

Ukimuuliza fomani "mmefika wapi?" atakujibu "tuko pazuri, kama asilimia 60 hivi". Asilimia hiyo haina pa kushika. Inaweza kuwa asilimia ya fedha zilizolipwa, ya muda uliopita, au ya urefu wa mtaro, na kila mmoja wetu ameshaona mradi uliokaa "asilimia 90" kwa miezi mitatu. Uliza swali lingine: zimebaki mita ngapi, na kwa siku mnalaza mita ngapi? Majibu ya maswali hayo mawili yanakupa tarehe, na tarehe inaweza kukaguliwa.

Kwenye mfano wetu fomani anasema bomba lililolazwa ni mita 1,960, zimebaki mita 2,240, na kasi ya wiki hii ni mita 80 kwa siku. Ratiba ilisema mita 100 kwa siku. Ukigawa 2,240 kwa 80 unapata siku 28 za kazi. Kwa wiki ya siku sita, kuanzia Jumatatu Februari 16, bomba litaisha Alhamisi, Machi 19. Ratiba ilisema Machi 7. Kazi hii imechelewa siku 10 za kazi, na sasa tunajua hivyo bila mtu kubishana kuhusu asilimia.

Kwa kitu kinachotoka nje, usikubali neno la mdomo. Msambazaji akisema "mzigo uko njiani", mwombe hati ya shehena yenye jina la meli na tarehe ya kupakiwa. Kama hati haipo, mzigo hauko njiani, uko kiwandani au hata haujatengenezwa. Hapa msambazaji ametuma barua pepe: pampu itapakiwa Machi 10, si Machi 1 kama alivyosema wiki iliyopita. Safari ni siku 28, kwa hiyo itafika bandari ya Dar es Salaam Aprili 7.

Jambo la tatu limetoka maabara. Kuta za tenki zilimwagwa zege Februari 3, na kyubu za siku 7, yaani vipande vya zege hilo vinavyovunjwa kupima nguvu yake, zimesoma 14.5 N/mm². Zege lililotakiwa ni la 25 N/mm² kwa siku 28.

Hatua ya 2: Tenganisha tatizo, kihatarishi na shaka

Kwenye taarifa nyingi mambo haya matatu yanarundikwa chini ya kichwa kimoja kiitwacho "Changamoto". Neno hilo limetumika sana mpaka halisemi kitu. Mfuko wa saruji ulioloana ni changamoto, na mkandarasi aliyetoroka saiti naye ni changamoto. Lifute kwenye taarifa yako na uweke majina halisi.

Tatizo ni jambo lililokwisha tokea: bomba limechelewa siku 10. Hapo hakuna "huenda". Unasema limetokea, limegharimu nini na unafanya nini.

Kihatarishi ni jambo ambalo halijatokea, lakini kuna sababu inayoonekana ya kudhani linaweza kutokea: pampu huenda ikafika baada ya siku inayohitajika, kwa sababu tarehe ya kupakia imeshasogezwa mara moja. Bila sababu inayoonekana, hicho si kihatarishi, ni hofu ya kawaida ya binadamu, na haina nafasi kwenye ukurasa. Mtu anaweza kuandika "vita, mafuriko, kupanda kwa dola" kila wiki na asikosee hata siku moja, na asimsaidie mtu yeyote.

Shaka ni kipimo ambacho hakijakamilika, kama kyubu zetu. Hapa ndipo watu huteleza zaidi, kwa pande zote mbili. Kwa kawaida zege hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu yake kwa siku 7, kwa hiyo 25 ingetakiwa isome kama 16 au 17. Imesoma 14.5. Mwenye woga ataandika "zege la tenki limefeli", na kabla ya jua kuzama mkandarasi ameshapigiwa simu tatu za hasira. Mwenye kuficha ataacha kabisa mpaka siku 28 zitimie. Ukweli uko katikati: saruji yenye pozolana hukomaa polepole siku za mwanzo, kwa hiyo 14.5 peke yake haithibitishi kwamba zege ni bovu, wala haithibitishi kwamba ni zima. Jibu litapatikana Machi 3, kyubu za siku 28 zitakapovunjwa. Kwa shaka ya namna hii, taarifa inabeba vitu vitatu tu: kinachojulikana, siku jibu litakapopatikana, na kazi gani imesimamishwa mpaka siku hiyo.

Hatua ya 3: Hesabu kurudi nyuma upate siku ya mwisho ya kuamua

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo watu wengi huiruka. Chukua kalenda, anza na siku ya makabidhiano, kisha rudi nyuma kazi moja moja.

Makabidhiano ni Mei 29. Kujaza mfumo, kupima msukumo, kusafisha mabomba kwa klorini na kusubiri majibu ya maji kunachukua siku 14, kwa hiyo pampu iwe inafanya kazi Mei 15. Kushusha pampu kisimani na kufunga paneli yake ya kuiendesha ni siku 10, kwa hiyo iwe saiti Mei 5. Kuitoa bandarini kupitia wakala wa forodha na kuisafirisha tumeiwekea siku 14, kwa hiyo meli iwe imefika Aprili 21. Msambazaji anasema itafika Aprili 7. Tofauti ya Aprili 7 na Aprili 21 ni siku 14. Hizo ndizo akiba ya siku, yaani muda ambao jambo linaweza kuchelewa bila kugusa makabidhiano. Wiki iliyopita akiba ilikuwa siku 23.

Usiishie hapo. Uliza: mambo yakiharibika, njia nyingine ni ipi, nayo inahitaji muda gani? Kuna msambazaji Dar es Salaam mwenye pampu inayofikia uwezo ule ule, kwa nyongeza ya Sh milioni 6, na anahitaji siku 21 kuileta saiti. Ili iwe saiti Mei 5, iagizwe Aprili 14. Kamati inahitaji wiki moja kuidhinisha nyongeza ya fedha, kwa hiyo ombi liwe mezani kwao Aprili 7. Baada ya siku hiyo, njia ya pili haipo tena, hata kama fedha zipo.

Sasa tafuta dalili itakayokuambia mapema zaidi. Pampu ikipakiwa Machi 24, itafika Aprili 21 na akiba itakuwa sifuri. Basi Machi 24 ndiyo siku ya kuangalia: kama hati ya shehena haijafika siku hiyo, ombi linakwenda kwa kamati, na bado kuna wiki mbili mkononi kabla ya mlango kufungwa. Tarehe hizo mbili, Machi 24 na Aprili 7, zinafanya kazi ambayo sentensi kumi za "tuna wasiwasi mkubwa" haziwezi. Mkurugenzi akizisoma hashtuki, kwa sababu anaona kuna muda. Wala hasinzii, kwa sababu anaona muda huo una mwisho.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa bomba, uone kitu cha ajabu. Bomba limechelewa siku 10, lakini linahitajika Mei 15 na litaisha Machi 19. Kwa ratiba peke yake, kuchelewa huku hakugusi chochote. Kinachogusa ni mvua. Mita 640 kati ya zile 2,240 zinapita bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, na kwa mpangilio wa sasa bondeni kutachimbwa mwisho, Machi 11 hadi 19. Masika upande huo huanza karibu katikati ya Machi. Udongo ule ukilowa hauchimbiki: kingo za mtaro zinaporomoka, kijiko kinazama, na maji yakijaa mtaroni bomba tupu la HDPE linaelea kwa sababu ni jepesi kuliko maji. Mkisimama hapo mnaweza kusubiri hadi mwisho wa Mei.

Dawa ni ndogo: kubadilisha mpangilio. Kijiko kikiingia bondeni Februari 16, mita 640 kwa kasi ile ile ya mita 80 zinaisha Februari 24. Ukiichukua Machi 15 kama mwanzo wa mvua, una akiba ya siku 19. Hili halihitaji kibali cha mtu. Fomani anaambiwa leo, na kwenye taarifa linachukua mistari miwili.

Kwa hiyo kilichochelewa si ndicho kinachotisha, na kinachotisha bado hakijachelewa hata siku moja kwenye ratiba. Bila kuhesabu kurudi nyuma, taarifa ingeweka wekundu kwenye bomba na kijani kwenye pampu.

Hatua ya 4: Rangi zipangwe kwa kanuni iliyoandikwa wiki ya kwanza

Kijani, njano na nyekundu ni nzuri kwa msomaji mwenye haraka, lakini zikipakwa kwa hisia zinageuka siasa. Mkandarasi atakuomba "usituwekee nyekundu wiki hii, kuna ugeni". Ukiwa na kanuni, huna cha kujadili. Kwenye mradi huu kanuni ni hizi:

Kijani: akiba ni siku 10 au zaidi, na haijapungua zaidi ya siku 5 tangu wiki iliyopita.

Njano: akiba ni siku 1 hadi 9, au imepungua zaidi ya siku 5 kwa wiki moja, au kuna kipimo muhimu ambacho jibu lake bado.

Nyekundu: akiba imekwisha, au kuna uamuzi wa ngazi ya juu unaotakiwa ndani ya siku 7.

Angalia pampu. Siku 14 za akiba zingeipa kijani, lakini imepoteza siku 9 kwa wiki moja, kwa hiyo ni njano. Kipengele hicho cha kupungua ndicho chenye thamani kuliko vyote, maana kinanasa jambo linaloteremka likiwa bado juu. Bomba ni kijani, pamoja na kuchelewa kwake. Tenki ni njano kwa sababu ya jibu linalosubiriwa. Kanuni ziandikwe kwa herufi ndogo chini ya kila taarifa, ili anayeuliza "kwa nini njano?" ajibiwe na karatasi yenyewe.

Hatua ya 5: Andika kila kihatarishi kwa mpangilio mmoja

Anza na kilichotokea. Kisha sema kinaweza kuleta nini, kwa siku au kwa fedha. Kisha nani anafanya nini. Malizia na tarehe. Sentensi chache zinatosha.

Huu hapa mfano wa sentensi iliyolala: "Kuna changamoto ya ucheleweshwaji wa pampu, mchakato wa ufuatiliaji unaendelea." Nani anafuatilia? Kwa njia gani? Pampu imechelewa au itachelewa? Na hii hapa imepiga mbiu: "Pampu imechelewa vibaya na mradi mzima uko hatarini, hatua za haraka zinahitajika." Hatua gani, na haraka maana yake kesho au mwezi ujao?

Sasa iandike hivi: "Msambazaji amesogeza tarehe ya kupakia pampu kutoka Machi 1 hadi Machi 10. Akiba imeshuka kutoka siku 23 hadi 14. Makabidhiano ya Mei 29 hayajaguswa. Ofisa ununuzi anaomba hati ya shehena. Isipopatikana hadi Machi 24, tutaleta ombi la pampu iliyopo Dar es Salaam (nyongeza Sh milioni 6)."

Utaona hakuna hata neno moja la kupoza wala la kutisha. Ondoa "kubwa", "vibaya", "kidogo tu", "kwa kiasi fulani", "hivi karibuni". Hayo ni maneno ya hali ya moyo wa mwandishi. Angalia pia vitenzi visivyo na mwenyewe: "imefuatiliwa", "inafanyiwa kazi", "itashughulikiwa". Kiswahili cha ofisini kinavipenda sana, na kila kimoja kinaficha mtu. Kama huwezi kuandika cheo cha anayefanya, huenda hakuna anayefanya.

Tahadhari moja kuhusu "makabidhiano hayajaguswa": iandike tu kama umehesabu. Ukiiweka kama mapambo, siku utakapoihitaji kweli haitaaminika.

Hatua ya 6: Panga ukurasa mmoja

Mkurugenzi huisoma taarifa kwenye simu, mara nyingi kwenye gari. Mistari mitatu ya kwanza ndiyo yenye uhakika wa kusomwa, kwa hiyo iweke pia kama ujumbe wa maandishi kwenye WhatsApp au mwili wa barua pepe, na PDF iambatane chini. Taarifa ya wiki ya 11 inakuwa hivi:

> Mradi wa maji wa kata. Wiki ya 11 kati ya 26. Ijumaa, Februari 13
>
> Kwa ufupi: Makabidhiano yanabaki Mei 29. Jambo la kuangalia ni pampu: akiba imeshuka kutoka siku 23 hadi 14. Wiki hii hatuombi uamuzi wowote.
>
> Pampu (njano, wiki iliyopita kijani). Msambazaji amesogeza tarehe ya kupakia kutoka Machi 1 hadi Machi 10. Itafika bandarini Aprili 7. Inahitajika kufikia Aprili 21. Ofisa ununuzi anaomba hati ya shehena. Isipopatikana hadi Machi 24, tutaleta ombi la pampu ya Dar es Salaam, nyongeza Sh milioni 6. Mwisho wa kupokea ombi hilo ni Aprili 7.
>
> Tenki (njano, wiki iliyopita kijani). Kyubu za siku 7 za kuta zimesoma 14.5 N/mm²; tulitarajia 16 au zaidi. Hii haitoshi kuamua. Majibu ya siku 28 ni Machi 3. Mpaka hapo hatupigi plasta wala kujaza maji. Mafundi wa plasta wamehamia kwenye vilula. Ratiba ya tenki haiathiriki.
>
> Bomba kuu (kijani, wiki iliyopita kijani). Mita 1,960 kati ya 4,200; ratiba ilisema 2,400. Kazi itaisha Machi 19 badala ya Machi 7, bila kugusa makabidhiano. Mita 640 za bondeni zinaanza Jumatatu na kuisha Februari 24, kabla ya masika.
>
> Wiki ijayo: mita 480 za bomba, misingi ya vilula viwili, jibu la msambazaji kuhusu hati ya shehena.

Mambo machache ya kuangalia humo. Sentensi ya kwanza ni tarehe ya makabidhiano, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza la kila msomaji. Usipolijibu juu kabisa, atasoma kila kihatarishi akilitafuta, na kila kihatarishi kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Sentensi ya "hatuombi uamuzi wowote" ina kazi vilevile: inamtuliza mkurugenzi leo, na inamfanya akae wima wiki utakayoiondoa. Rangi ya wiki iliyopita iko kando ya rangi ya leo, ili mwendo uonekane.

Vihatarishi viwe vitatu, ikizidi sana vitano. Mradi wowote una rejesta yenye ishirini, nayo ibaki kwenye faili lake. Kwenye ukurasa wa wiki weka vile vilivyosogea, vile ambavyo siku yao ya kuamua iko ndani ya wiki sita, na vile vyenye kipimo kinachosubiriwa. Kingine chochote kinachosha jicho.

Na kama wiki hii hakuna kilichosogea? Andika hivyo, kwa mstari mmoja. Kishawishi cha kutafuta kihatarishi ili ukurasa ujae ni kikubwa kuliko mtu anavyodhani.

Hatua ya 7: Piga simu kabla ya kutuma

Rangi ikishuka, bosi asilione jambo hilo kwanza kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na mwenyekiti wa kamati. Si kwa sababu ya adabu peke yake. Kiongozi aliyeshtukizwa mbele ya watu hujitetea kwa kuonyesha ukali, na kihatarishi cha siku 14 kinageuka kikao cha dharura. Simu ya dakika mbili inatosha:

"Shikamoo mkurugenzi. Natuma taarifa saa kumi. Utakuta pampu imeingia njano: wamesogeza tarehe ya kupakia kwa siku 9. Makabidhiano bado Mei 29. Kuna njia ya pili tayari, na kama itahitajika nitakuja kwako Machi 24. Kuna lolote ungependa nilieleze zaidi kabla sijatuma?"

Mkandarasi naye aonyeshwe mistari inayomhusu kabla ya kutumwa. Apewe nafasi ya kusahihisha namba, si rangi. Akisema zimelazwa mita 2,010, nendeni mkapime pamoja. Akisema "andika kijani", msomee kanuni.

Baada ya hapo: taarifa ya wiki ijayo inaanzia kwenye hii

Fungua taarifa ya wiki iliyopita kabla ya kuandika mpya, upite ahadi moja moja. Uliandika mita 480, zimelazwa ngapi? Zikiwa 410, sema 410, na uhesabu tarehe upya kwa kasi hiyo mpya. Kosa linalojirudia ni kunakili faili la zamani na kubadilisha tarehe ya juu tu, ukakuta "hati ya shehena inaombwa" imekaa wiki tano bila kusogea. Kihatarishi ambacho maneno yake hayajabadilika kwa wiki tatu kina maana moja kati ya mbili: hakikuwa kihatarishi, au hakuna anayekishughulikia.

Kikiisha, kifunge waziwazi. Tuseme Machi 3 kyubu za siku 28 zimesoma 26. Taarifa inayofuata, ya Machi 6, inaandika: "Tenki (kijani, lilikuwa njano). Majibu ya siku 28 ni 26 N/mm². Kilichotakiwa ni 25. Plasta imeanza Machi 4. Tunakifunga." Wiki inayofuata hakionekani tena. Wasomaji wanaoona vihatarishi vikifungwa kwa ushahidi huacha kuogopa neno njano.

Pampu ni habari nyingine. Tuseme haikupakiwa Machi 10, ikapakiwa Machi 17, na hati ya shehena imefika mkononi. Mkono utakuwasha kuirudisha kijani, maana mzigo sasa uko majini kweli. Hesabu kwanza: Machi 17 na siku 28 ni Aprili 14, akiba ni siku 7. Kwa kanuni ya wiki ya kwanza, hiyo ni njano, na njano inabaki. Unachobadilisha ni maneno: "Pampu imepakiwa Machi 17, hati ya shehena tunayo. Itafika Aprili 14, akiba siku 7. Hatutaomba pampu ya Dar es Salaam isipokuwa meli ikichelewa. Tutathibitisha ilipo meli Aprili 6, siku moja kabla ya nafasi ya kuomba kufungwa." Halafu weka Aprili 6 kwenye kalenda ya simu yako, na kwenye ya ofisa ununuzi.